Macho ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu Elisée hanitazami usoni. Tangu alipomwoa Léa, mtoto wa dada yangu, tukikutana arusini au msibani huinamisha kichwa, hupiga makofi polepole, na salamu zake huzipokea viatu vyangu. Mimi nami najua zamu yangu. Nageuka upande, naitikia, nampisha apite. Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, mama mdogo wa mke ni mama mkwe kamili, na buko, yaani ukwe, si jambo la mchezo. Hamli meza moja, hamtaji mambo ya chumbani, na macho yenu hayakutani.

Sasa niambie, daktari wa macho afanye nini na mgonjwa wa namna hiyo?

Léa alimleta kwenye kliniki yetu, njia ya Karavia, baada ya chakula cha mchana. Elisée ni dereva wa lori la mgodini, yale malori ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kimo, na kazi yake ni ya usiku. Wiki iliyotangulia, mwanzoni mwa zamu, nusura aligonge gari dogo la msimamizi. Hakuliona. Taa zilikuwa zinawaka, honi ikalia, na bado yeye aliona giza tu hadi msimamizi mwenyewe aliporuka nje akipiga kelele. Mkuu wa usalama alimpa hadi mwisho wa mwezi: alete neno la daktari wa macho, anafaa au hafai.

Lakini si kazi iliyokuwa ikimtetemesha. Baba yake mdogo, Zéphirin, alikufa kipofu. Alianza hivyohivyo, kushindwa na giza akiwa bado kijana, kisha pande zikaanza kufunga, mwishowe akawa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na baadaye bomba nalo likaziba. Elisée ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka misa.

"Mama," aliviambia viatu vyangu, "museme tu kweli. Mi niko nafuata njia ya baba mudogo?"

"Ngojeni kwanza niangalie," nikamwambia. "Mufungue macho, Bwana Elisée."

"Niko nafungua, Mama."

Alikuwa ameyafumba kabisa. Kila nilipomsogelea na taa yangu, kope zilijifunga zenyewe kwa heshima. Nilikasirika, kisha nikataka kucheka, kisha nikamwita Constantin, fundi wetu wa vipimo, mtu mzima mwenye vidole vyepesi, amshike kope. Ndivyo nilivyoyaona macho ya mkwe wangu kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile. Yalikuwa yamejaa hofu, lakini ndani yalikuwa safi. Sikuona yale madoa meusi ya ugonjwa kama uliomla Zéphirin, wala mishipa haikuwa imesinyaa.

Jicho safi halikunituliza. Ugonjwa ule unaweza kuanza kuua kazi ya seli kabla haujaacha alama yoyote kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Nikaamua tumpime kwa mashine.

Tulimtia matone ya kupanua mboni, tukampeleka kwenye chumba cha giza, tukamkalisha hapo muda wa kutosha ili macho yazoee. Kisha, kwa taa nyekundu hafifu, ambayo seli za giza karibu hazijali, Constantin aliweka uzi mwembamba wa elektrodi, unaonasa umeme mdogo wa seli, chini ya kila jicho. Léa aliketi kwenye kiti cha pembeni. Nikawaeleza, kwa sababu mtu akijua anachopimwa hatikisiki sana.

Watu wengi hudhani kwamba jicho hulala gizani na huamka likiona mwanga. Sivyo. Ndani ya jicho kuna seli ndefu zinazoitwa fimbo, ndizo zinazoona kwenye mwanga mdogo, na hizo gizani hazinyamazi hata kidogo. Zina vijilango kwenye ngozi zake, na kuna kemikali, GMP cyclique, inayoishikilia ile milango ikae wazi. Kemikali ikiwa nyingi, milango iko wazi, chumvi na kalsiamu zinaingia, na seli inaendelea kumwaga ujumbe wake kwa jirani bila kupumzika. Ujumbe wenyewe ni mmoja: giza, giza, giza.

"Sasa mwanga ikikuya?" Léa aliuliza.

Mwanga ukija, unagonga protini inayoitwa rodopsini. Chembe ndogo iliyokunjika ndani yake inanyooka, na rodopsini inaamka. Rodopsini moja iliyoamka inaamsha wajumbe wengi, kila mjumbe anaamsha kimeng'enya chake, na hicho kimeng'enya, fosfodiesterasi, kazi yake ni kuikatakata GMP cyclique. Kemikali inapungua, hakuna tena cha kushikilia milango, milango inafungwa. Seli inanyamaza. Na ubongo ukisikia kimya, ndipo unajua kwamba kuna mwanga.

"Kwa hiyo kuona njo kunyamaza," Elisée alisema gizani.

"Njo vile," nikaitika, ndivyo hasa.

Nilishangaa kidogo. Gizani alikuwa anaongea nami kama mtu na mtu. Hakukuwa na uso wa kukwepa.

Mashine ilitoa mmweko. Kwa mtu mwenye macho mazima, mmweko mkali ukipiga, mstari kwenye skrini hushuka ghafla kabla ya kupanda, na kule kushuka ndiko kufungwa kwa milango yenyewe, maelfu kwa maelfu kwa pamoja. Mstari wa Elisée ulisitasita. Ulishuka kwa kuchelewa, kidogo, kama mtu anayelazimishwa. Tulirudia, ikawa vilevile. Mmweko hafifu, ule wa kuzipima fimbo peke yake, uliamsha kilima kifupi kilichochelewa.

Léa hakujua kusoma mistari lakini alijua kunisoma mimi. Akaanza kulia bila sauti.

Nilimuuliza Elisée lile swali ambalo huulizwa kila mgonjwa. "Kuna dawa yoyote munakunywa? Ya malaria, ya mapafu, ya mizizi, yoyote?"

"Hakuna, Mama."

Nikafikiri: huyu hawezi kunijibu mimi. Kuna dawa ambazo mwanamume hazitaji mbele ya mama mkwe hata akichinjwa. Nikatoka na Léa, nikamwacha Constantin amuulize tena, mwanamume kwa mwanamume. Constantin alirudi akitikisa kichwa.

"Anasema hakuna kintu, Docteur. Na mi naona hasemi bongo, anasema kweli."

Kwa hiyo lilibaki lile moja. Jioni hiyo niliketi na karatasi ya mgodi mbele yangu na kalamu mkononi. Ningeandika "ugonjwa wa kurithi wa retina," na kwa maneno hayo ningekuwa nimemshusha mtu kwenye lori lake, nimewaambia yeye na Léa kwamba mtoto wanayemtafuta kwa machozi huenda akabeba kitu hicho, na nimemweka Zéphirin kaburini mara ya pili. Kila nilipotaka kuandika, nililikumbuka lile jicho safi. Nikaiacha kalamu. Nilikuwa na hasira na karatasi, na mgodi, na nafsi yangu.

Nilimpigia simu Léa, nikamwambia tutarudia kipimo, nataka uhakika.

Elisée hakungoja nipange saa. Asubuhi moja basi la mgodi lilipowaleta wafanyakazi mjini alishukia kwetu, na vumbi jekundu bado liko kwenye nyusi. Alisema heri apimwe sasa hivi kuliko kulala na lile wazo. Alikuwa hajafika nyumbani, na hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa maji. Tukamwingiza chumba cha giza.

Mmweko ukapiga, na mstari ukashuka.

Haukushuka kama wangu au wako, lakini ulishuka. Ulikuwa mstari wa mtu mwingine kabisa. Nilimgeukia Constantin kwa sauti ambayo wagonjwa kwenye korido waliisikia.

"Siku ile uliweka elektrodi namna gani? Ulizitupa? Karibu nimwandike mutu kipofu ju yako!"

"Niliziweka sawa na leo, Docteur." Hakuinua sauti, na hilo lilinikera zaidi. "Ukinzani wa umeme mu nyaya ulikuwa muzuri. Mulikuwa mumeangalia benyewe."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeangalia. Nikaomba radhi, si vizuri sana, kwa maana sikuzoea. Kisha nikaketi kwenye giza karibu na mkwe wangu nikamwambia anisimulie usiku wake mzima, tangu kuingia hadi kutoka. Kwa kuwa lilikuwa giza, akasimulia.

"Mwanzo ya zamu njo mubaya, Mama. Ma-taa iko na rangi ya bleu pembeni, bintu biko na ukungu. Kisha saa zinaenda, inapungua. Karibu na asubuhi naona muzuri."

"Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa wakati Léa alienda ku kilio kule Kasomeno. Ile wiki mbili yote niliona muzuri kabisa. Nilisemaka, Mungu amenisamehe."

Ugonjwa wa kurithi haujui saa. Hauondoki alfajiri ukarudi jioni, wala hauulizi kama mke amesafiri. Zéphirin hakuwahi kupata wiki mbili za kuona vizuri. Kitu kinachokuja na kwenda hivyo kinaingia kwa mdomo, na rangi ya bluu pembeni mwa taa nilikuwa nimeisoma zamani, kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya kopo la dawa ambayo hakuna mkwe angenitajia.

Ni dawa ya nguvu za kiume, iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipa ya damu ya mwanamume. Inazuia kimeng'enya kinachokata GMP cyclique huko. Bahati mbaya kimeng'enya hicho kina ndugu, na ndugu yake anakaa jichoni. Mtu akimeza kiasi kidogo, jicho linaguswa kidogo na kupona baada ya saa chache. Akimeza nyingi, kila siku, rodopsini inaamka kama kawaida, wajumbe wanakimbia kama kawaida, lakini wanamkuta mkataji amefungwa mikono. GMP haipungui ipasavyo. Milango inachelewa kufungwa, na seli inaendelea kusema giza, giza, hata kama gari la msimamizi limesimama mbele na taa zote zinawaka.

Na kwa Elisée kulikuwa na jambo la ziada, ambalo siwezi kulithibitisha kwa kuwa hapa hatuna pa kupima. Ikiwa ugonjwa wa Zéphirin ulikuwa ule wa kimeng'enya kilekile, basi huenda Elisée alizaliwa na nakala moja mbovu ya jeni yake na moja nzima. Watu kama hao huona vizuri maisha yao yote. Lakini ukimzuia mkataji ambaye tayari ana mkono mmoja, unacheza na moto, maana milango ikikaa wazi mno kwa muda mrefu, kalsiamu inaingia kupita kiasi, na seli inakufa. Na fimbo ikifa haioti tena.

"Kule nyumbani," nikamuuliza, "mukiamuka mchana, munakula nini?"

"Bukari, Mama. Na munkoyo. Léa anatengeneza munkoyo muzuri."

Bukari ni ugali, na munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Ukitaka kuficha unga wa mizizi mahali, hakuna mahali bora.

Sikumwambia kitu. Nilimwomba asile wala asinywe chochote nyumbani hadi nitakapompigia, akasema ndiyo, Mama, bila kuuliza sababu. Hilo nalo lingepaswa kunishtua.

Nilimkuta Léa anafua uani. Nilikuwa nimejiahidi njiani kwamba nitasema taratibu. Sikusema taratibu.

"Unamutia nini mu munkoyo?"

Alisimama na povu hadi kwenye viwiko. Hakukana. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Unga ulikuwa wa kahawia, na ndani yake, ukiutazama juani, kulikuwa na chembe za bluu.

Kwetu kuna mtu anayemfundisha bibi arusi mambo ya ndoa, na mtu huyo ni shangazi, dada wa baba. Kwa Léa alikuwa Benita. Benita ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kumwekea mume unga wa mizizi kwenye kinywaji bila kusema, maana ukisema unamwaibisha. Kila shangazi amemfundisha kila bibi arusi hivyo, na nilifundishwa mimi pia. Mizizi ya zamani haikumdhuru mtu, na sidhani kama ilimsaidia sana. Lakini miaka ilipita bila mtoto, mawifi wakaanza kumwangalia Léa tumboni kabla ya kumwangalia usoni, na Benita akamletea unga wa muuzaji mpya.

Nilimpigia Benita palepale.

"We Wivine," alisema, "ulisoma ma-livre, lakini hukuolewa siku mingi. Ile unga ya zamani ilikuwa inakawia. Hii mupya inafanya siku ileile! Banamuke yote ya hapa banaisifu."

"Inafanya siku ileile kwa sababu wamesagia vidonge ndani, Benita!"

"Mi sijue vidonge. Mi najua mizizi."

Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo nisingeweza kulirudisha. Baadaye rafiki yangu wa kitivo cha famasia aliupima ule unga. Ilikuwa ile dawa, na kwa kijiko cha Léa Elisée alikuwa anakunywa kila mchana zaidi ya kile ambacho daktari angempa mtu kwa siku nyingi.

Lakini siku ile pale uani, nilipokata simu, Léa aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, usimwambie. Atasema nilitaka kumuua. Familia yake itasema nilitaka macho yake. Unajua bile banasema juu ya bibi asiyezaa."

Nilijua wanavyosema. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga kofi, yote mawili kwa wakati mmoja.

"Mi sitamwambia," nikamjibu. "Utamwambia weye. Kipimo cha mwisho, mu chumba ya giza. Kule hakuna mutu anaona mutu."

Karibu mwisho wa mwezi walikuja wote wawili. Muda wote huo Elisée alikuwa amekula kwa dada yake, na Léa alimwaga kopo lote chooni nikiwa nimesimama pale. Mgodi ulikuwa unamngoja. Constantin alizima taa, akatoka, akatuacha watatu tungoje macho yazoee.

Huo ndio muda ambao sitausahau. Nilikaa nikijua kwamba ndani ya jicho la Elisée fimbo zilikuwa zinakusanya nguvu zake, rodopsini inajengeka upya, GMP inajaa, milango inafunguka mmoja baada ya mwingine na kuanza kusema gizani. Na upande wa kushoto kwangu nilimsikia Léa akivuta pumzi, akiiacha, akivuta tena.

"Elisée," alisema mwishowe. "Ile munkoyo. Nilikuwa natia kintu. Dawa ya mizizi. Ilikuwa ju ya mutoto. Sikujua kama iko inaharibu macho. Nakuapia, sikujua."

Nilishika ukingo wa kiti changu. Nilikuwa tayari kusimama kati yao.

"Nilijua," Elisée alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua unatia kintu. Munkoyo ninaikunywaka tangu butoto. Mi nitashindwa kuijua utamu yake? Siku ya kwanza nilionja, nikasema, Léa ametia dawa. Kisha nikaona unaniangalia namna ninakunywa, na macho yako ilikuwa na maombi. Nikamaliza kikombe."

Hapo nilisahau ukwe wote.

"Niliwauliza!" nilipaza sauti. "Bwana Elisée, niliwauliza kwa mdomo wangu! Constantin aliwauliza! Mulijua kwamba munakunywa dawa, mukasema hakuna kintu! Kila siku ile ya kunyamaza ilikuwa inakula macho yenu!"

Alijibu polepole, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake imekuja moja kwa moja upande wangu, si sakafuni.

"Mama, ningesema nini? Léa alikuwa ameketi pale. Nimwambie mama yake kwamba mutoto wenu ananiwekea dawa mu kikombe? Na Constantin angewaambia. Mungemuona Léa namna gani tena? Nilisema, kama ni dawa ya kupata mutoto, haiwezi kuniua. Sikufikiri iko na njia na macho. Ma-docteur bananiuliza macho, nikafikiri ya baba mudogo."

Léa alikuwa analia sasa, kwa sauti. Mmoja alikuwa ameficha ili asimwaibishe mumewe, mwingine amenyamaza ili asimwaibishe mkewe, na mimi nimeketi katikati na mashine ya bei ghali nikipima kimya cha seli. Nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa na mtu wa kumwendea.

Nilimwita Constantin. Akawasha ile taa nyekundu hafifu, akaweka elektrodi, akatoka kando. Mmweko ukapiga.

Mstari ulishuka kwa wakati wake. Hakuna kuchelewa tena. Mkataji alikuwa amefunguliwa mikono, milango ilikuwa inafungwa mara mwanga unapofika. Constantin alinipiga bega kidogo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Lakini mimi nilikuwa nikitazama kina. Mstari haukufika chini ulikopaswa kufika. Tulirudia, tukangoja, tukarudia tena. Seli zilizobaki zilikuwa zinafanya kazi vizuri, ila hazikuwa zote. Nilipompima upana wa kuona, nikapata lile nililoliogopa: katikati pazima, na pembeni, kuzunguka pande zote, ukingo umetoweka.

Nilimweleza bila kupamba. Huendi njia ya Zéphirin, nilimwambia, au tuseme ulisimama njiani kabla ya bomba. Ukikaa mbali na dawa hiyo maisha yako yote, natumaini yaliyobaki yatabaki. Yaliyokwenda hayarudi. Mchana utatembea, utasoma, utamwona mtoto wako Mungu akimleta. Lori la usiku, hapana. Siwezi kuandika kwamba unafaa.

"Kazi ya mchana?" aliuliza.

"Si lori kubwa. Labda karakana. Nitawaandikia watu wa mgodi, nitawasihi."

"Miaka yote nimepanda ile lori," alisema.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Constantin alitaka kuwasha taa kubwa nikamzuia kwa mkono, sijui kwa nini, labda nilitaka wabaki dakika moja zaidi mahali ambapo wameweza kusemezana. Elisée aliketi wima, uso mbele, nyuzi za elektrodi bado zinaning'inia shavuni. Kisha, bila kugeuza kichwa, aliunyosha mkono wake wa kulia kumtafuta mkewe.

Léa alikuwa hapo hapo, pembeni yake, mkono wake umelala juu ya paja, unaonekana wazi kwangu mimi niliye mbali zaidi. Vidole vya Elisée vilipita juu yake, vikagusa mgongo wa kiti, vikapapasa ubao, vikasimama.

Léa aliutazama ule mkono. Aliacha kulia. Akauinua wake, akauleta mbele, taratibu, hadi pale ambapo mumewe angeweza kuuona.